Barua kwa mtengenezaji wa mfumo: kazi ipi, pesa lini, msimbo wa nani

*"Mimi na mume wangu tuna mashua mbili Shela, Lamu, na naanzisha kampuni ya wageni kuweka nafasi za safari kwa simu, katika mashua zetu na za manahodha wengine. Kijana mmoja wa Malindi, anayejitegemea, amekubali kunitengenezea mfumo kwa shilingi 300,000 na anataka nusu kwanza. Nimepata mkataba wa Kiingereza mtandaoni unaosema msimbo utakuwa wangu nikishamaliza kulipa. Mimi nataka barua tu, ya Kiswahili, asije akaogopa. Niandike nini?"*

Dada, barua yatosha. Ikisema wazi anachofanya, unacholipa na lini, ukaitia saini, naye akaandika chini yake "nimekubali" na saini na tarehe, huo ni mkataba. Kinachonitia wasiwasi ni ile karatasi ya mtandaoni, hasa kifungu chake cha umiliki.

Kifungu kile kiliandikwa kwa ajili ya nchi ambazo mtu anayejitegemea akiandika programu, hakimiliki hubaki kwake mpaka aihamishe kwa maandishi. Kenya haiko hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta pamoja na kazi za maandishi, na kifungu chake cha 31 kinasema kazi iliyoagizwa huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila kama wenyewe wamekubaliana kupunguza au kuzuia uhamisho huo. Ukimwagiza kijana leo bila kuandika neno lolote kuhusu umiliki, sheria iko upande wako. Ukisaini ile karatasi, umekubali mwenyewe kupunguza haki uliyokuwa nayo. Mkigombana juu ya shilingi 30,000 za mwisho, zile 270,000 ulizokwisha lipa hazijakununulia chochote, maana kwa maneno ya karatasi hiyo msimbo wote bado ni wake.

Hata hivyo sikushauri ukae kimya ukategemea sheria. Kijana akiijua sheria hiyo, naye ana sababu ya kuogopa: kazi ikishakuwa yako kabla hujalipa, yeye amebaki na deni la kudai tu. Nadhani ndiyo maana anataka nusu mbele. Njia ya haki kwa wote wawili ni umiliki utembee pamoja na malipo, awamu kwa awamu:

> Msimbo, michoro na maelezo yote utakayoyaandika kwa ajili ya kazi hii katika kila awamu yatakuwa mali yangu pindi nitakapolipa awamu hiyo, pamoja na hakimiliki yake. Awamu niliyokwisha lipa haitarudi kwako kwa sababu ya mzozo wa awamu nyingine.
>
> Vifaa ulivyovitengeneza kabla ya kazi hii vinabaki vyako. Ukivitumia ndani ya mfumo utaviorodhesha, na unanipa ruhusa ya kudumu, isiyo na malipo ya ziada, ya kuvitumia na kuvirekebisha ndani ya mfumo huu, mimi au yeyote nitakayempa kazi.

Aya ya pili usiiruke. Mtengenezaji mzuri haanzi na ukurasa mtupu. Ana vipande vyake vya kuingiza watumiaji, vya kutuma ujumbe, vya kalenda, anavyovibeba kutoka kazi hadi kazi. Ukimwandikia kwamba kila kitu ni chako, ama atakataa, ama atasaini huku anajua hatatimiza. Usipotaja kabisa, siku ukimwita mtu mwingine aurekebishe mfumo, kijana ataweza kukwambia kwamba kile kipande cha katikati hujapewa ruhusa ya kukigusa. Kuna na vipande vya watu wengine, programu huria, ambazo kila mfumo wa siku hizi umejaa. Hizo si zake wala hazitakuwa zako. Mwombe tu aziorodheshe na leseni zake. Leseni ya MIT haina tabu. Akikuta anahitaji kitu chenye leseni ya GPL au AGPL akuulize kwanza, kwa sababu hizo zina masharti ya kuutoa msimbo wako wazi katika hali fulani.

Umiliki huo una mianya miwili. Wa kwanza uko kwako. Je, kampuni imekwisha sajiliwa? Kama bado, anayeagiza ni wewe, kwa jina lako na kitambulisho chako, na msimbo utakuwa wako wewe, si wa kampuni. Kampuni ikizaliwa itabidi uihamishie kwa maandishi yenye saini yako, kwa sababu kifungu cha 33 cha sheria ile ile hakitambui uhamisho wa hakimiliki wa mdomo. Siku atakapotokea mtu wa kutia mtaji, hiyo ni miongoni mwa karatasi atakazoziulizia mapema.

Mwanya wa pili uko kwake. Akimpa rafiki yake sehemu ya kazi, tuseme kurasa za mbele, aliyemwagiza yule rafiki si wewe. Kwa hiyo andika: "Hutampa mtu mwingine sehemu ya kazi hii bila idhini yangu ya maandishi, na ukimpa, utahakikisha amekuhamishia haki zake kwa maandishi kabla sijalipa awamu hiyo."

Sasa kazi yenyewe. Wengi huandika "mfumo wa kuweka nafasi za safari" wakadhani wameeleza. Andika kile ambacho mtu ataweza kukifanya akiwa na simu mkononi, halafu andika visivyomo. Orodha ya visivyomo ndiyo itakayowaokolea urafiki.

> Utatengeneza mfumo unaofunguka kwenye kivinjari cha simu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Mgeni anaona mashua, safari na siku zilizo wazi, anachagua, analipa amana kwa M-Pesa na kupata ujumbe wa kuthibitisha. Nahodha anaingia kwa nambari yake ya simu, anafunga siku asizotoka, na anaandika mwenyewe saa ya kuondoka. Mimi naona nafasi zote na malipo yote, na naweza kufuta nafasi.
>
> Havimo katika bei hii: kulipa kwa kadi, lugha ya tatu, programu ya kupakua kutoka Play Store, kurudisha pesa kupitia mfumo, na kukokotoa saa za maji kujaa na kupwa.

Hilo la maji nimelitia makusudi. Kijana ni wa Malindi, na huenda kichwani mwake safari ni kama basi: saa 2 asubuhi kila siku. Wewe wajua kwamba mashua ya kwenda Pate kupitia mlango wa bahari wa Mkanda husubiri maji, na saa ya maji kujaa husogea mbele kwa wastani wa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyofaa Jumatatu haifai Ijumaa. Kalenda iliyojengwa juu ya saa moja isiyobadilika itauza safari ambayo nahodha hawezi kuitoa. Ukiligundua wiki ya sita, yeye ataliita kazi mpya, wewe utaliita jambo la kawaida ambalo hata mtoto wa Amu analijua, na wote wawili mtakuwa na haki. Nahodha kuandika saa mwenyewe ni njia rahisi na ya bei nafuu. Kukokotoa kwa jedwali la maji kwawezekana, lakini ni kazi nyingine yenye bei yake. Kaa na manahodha wawili watatu, waulize mambo kama hayo, ambayo kwao ni dhahiri mno hata hawayasemi, uyaingize kabla hujaituma barua.

Na wazo jipya likija katikati, maana litakuja, barua iseme hivi: ombi lolote lisilokuwa katika orodha litaandikwa, yeye atajibu kwa bei na siku za ziada, na halitaanzwa mpaka wewe ujibu "ndiyo" kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kwa hilo. Ujumbe wa sauti haufai, kwa sababu baada ya miezi miwili hakuna atakayeutafuta kati ya mia tatu.

Tuje kwenye pesa. Nusu mbele ni nyingi, si kwa sababu kijana si mwaminifu, bali kwa sababu baada ya hapo malipo hayatakuambia tena kazi imefika wapi. Lakini usimwambie aanze bure. Kwa shilingi 300,000 mimi ningeandika hivi:

> Shilingi 45,000 tukisaini. Shilingi 75,000 mgeni akiweza kuchagua safari na nahodha akiweza kufunga siku, kwenye anwani ya majaribio. Shilingi 90,000 malipo ya amana yakifanya kazi. Shilingi 60,000 mfumo ukiwa hewani kwa jina langu na umekabidhiwa. Shilingi 30,000 baada ya kipindi cha uangalizi.

Fungu kubwa liko kwenye malipo ya amana kwa sababu ndipo penye ugumu. Kuonyesha mashua na kalenda ni kazi ya kawaida. Lakini pale simu ya mgeni inapoombwa PIN ya M-Pesa, mfumo wako hukaa unasubiri Safaricom iutumie jibu, na jibu laweza kuchelewa au lisifike kabisa. Mtengenezaji mvivu atakuonyesha lile jaribio moja linalofaulu, utashangilia na kulipa. Kwa hiyo usiandike tu "malipo yakifanya kazi". Andika majaribio yenyewe, nawe uyafanye kwa simu yako ukitumia amana ya shilingi 10.

Lipa kama kawaida: nafasi ithibitishwe, na pesa iingie kwenye nambari ya biashara yako wewe. Kisha anza upya na ukatae kuweka PIN: siku ile irudi kuwa wazi baada ya dakika chache, isibaki imefungwa milele. Kisha weka PIN isiyo sahihi. Kisha mwombe azuie makusudi jibu la Safaricom lisifike, ulipe, halafu utazame: mfumo wenyewe uende kuulizia hali ya malipo na kuithibitisha nafasi, au angalau ukuonyeshe wewe kwamba kuna malipo yasiyo na jibu. Mfumo ukikaa kimya huku pesa ya mgeni imekatwa, awamu haijaisha. Mwisho, watu wawili wabonyeze mashua moja, siku moja, kwa wakati mmoja, simu mbili mezani. Mmoja tu ndiye apate. Niamini, hilo la mwisho huangusha mifumo mingi iliyotengenezwa na watu wazuri tu.

Naye mpe kinga yake: "Nitajaribu ndani ya siku 5 za kazi tangu unijulishe kwamba awamu iko tayari, na nitakuandikia lililopungua. Nisipojibu katika siku hizo, awamu imekubaliwa. Nitalipa ndani ya siku 3 baada ya kukubali." Msimu wa wageni ukipamba moto utajisahau, na si haki yeye asubiri pesa yake mpaka wewe upate nafasi ya kushika simu.

Kipindi cha uangalizi nacho kina mtego wa huku kwetu. Siku 30 ndizo zilizozoeleka, na ni siku za kurekebisha kasoro bila malipo. Lakini siku 30 za Mei, kusi inavuma na mvua inanyesha na Shela haina wageni, hazijaribu kitu. Utalipa fungu la mwisho kwa mfumo ambao hakuna aliyeutumia. Andika siku 30 au nafasi 20 zilizolipiwa, lolote litakalochelewa, ila isizidi siku 75, ili naye asining'inizwe. Ukiweza, panga kazi imalizike Oktoba, ili uangalizi uangukie Novemba na Desemba, wageni wakiwapo. Na ueleze kasoro ni nini: kitu kilichomo katika orodha kisichofanya kazi kama kilivyoandikwa. Rangi usiyoipenda tena si kasoro.

Nimetumia neno "umekabidhiwa". Watu wengi hupewa anwani ya tovuti wakadhani wamekabidhiwa mfumo. Hakimiliki iliyo karatasini haikusaidii kama funguo ziko mfukoni kwa mtu mwingine na simu yake haipatikani. Dawa yake ni akaunti zote ziwe zako tangu siku ya kwanza, na yeye awe mgeni aliyekaribishwa ndani: jina la tovuti, seva, huduma ya kutuma ujumbe, na akaunti ya GitHub anakohifadhi msimbo. Gharama zake ulipe wewe moja kwa moja kwa kadi au simu yako. Usikubali ile ya "nitaweka kwangu kwanza, nitakuhamishia mwisho". Na kwenye Daraja, tovuti ya Safaricom ya watengenezaji, programu isajiliwe kwa akaunti ya biashara yako, kwa sababu `Consumer Key`, `Consumer Secret` na `Passkey` ndizo zinazoruhusu mfumo kuomba pesa kwa jina lako. Maneno hayo ya siri yasiandikwe ndani ya msimbo. Yakae kwenye seva, na kazi ikiisha uyabadilishe. Kubadilisha si kumshuku, ni utaratibu, na useme hivyo kwenye barua ili siku hiyo isimchome moyo.

Kila awamu ikikubaliwa, aitie alama ndani ya hifadhi ya msimbo, ili isije ikabishaniwa ni msimbo upi uliolipiwa:

```
git tag -a awamu-2 -m "Amana kwa M-Pesa, imekubaliwa"
git push origin awamu-2
```

Huhitaji kuzielewa amri hizo. Unachohitaji ni kuona jina `awamu-2` kwenye ukurasa wa GitHub wa akaunti yako kabla ya kutuma shilingi 90,000.

Na kabla ya zile 60,000, tafuta mtu mwingine anayejua kazi hii, hata mwanafunzi wa chuo, umlipe nusu siku. Apewe hifadhi ya msimbo na maelezo ya kijana, basi, bila kumpigia simu, aone kama anaweza kuuwasha mfumo kwenye kompyuta yake. Akishindwa, kuna kitu kiko kichwani mwa kijana au kwenye kompyuta yake ambacho hakijaandikwa. Mara nyingi ni faili moja ya mipangilio au jedwali la hifadhidata alilolitengeneza kwa mkono. Afadhali likosekane sasa, fungu la malipo likiwa bado mkononi mwako.

Yaliyobaki ni mafupi. Sema kama 300,000 ni pamoja na kodi: malipo ya kitaalamu ya shilingi 24,000 kwa mwezi au zaidi hukatwa zuio la asilimia 5, kwa hiyo kwenye 75,000 ungezuia 3,750 na yeye kupokea 71,250. Asipoelezwa mapema ataona umemnyang'anya. Ongea na mhasibu kabla ya malipo ya kwanza, na umwombe kijana ankara ya eTIMS, bila hiyo KRA haitakubali gharama hiyo kwenye hesabu za kampuni. Majina na nambari za wageni yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo andika kwamba hatayanakili wala kuyatumia kwa jambo jingine. Mruhusu aonyeshe picha za mfumo kwa wateja wake wengine, ila zisiwe na jina la mgeni.

Andika pia namna ya kuachana. Yeyote aweza kusimamisha kazi kwa notisi ya siku 7. Awamu iliyokubaliwa hulipwa yote. Iliyo katikati, yeye anakabidhi alichofikia na mnakubaliana sehemu ya fungu, isiyozidi nusu. Shilingi 45,000 za mwanzo hazirudi kama ni wewe uliyesimamisha. Kama ni yeye na hajatimiza hata awamu ya kwanza, anarudisha. Mkishindwana kabisa, kiasi hiki kinaingia kwenye Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na ambako mtu aweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Hakimu atasoma barua hii hii, basi iandike ukimfikiria naye kidogo.

Kuhusu kumtisha: usiitume barua kavu. Mpigie kwanza, umwambie umekubali bei yake na unataka muandike mlivyoelewana, kisha mtumie rasimu na umwombe afute na aongeze kwa siku mbili tatu. Akipinga zile 45,000 akataka 60,000, mpe, na upunguze kwenye awamu ya kalenda. Akitaka kuongeza wiki, ongeza. Akikataa msimbo kukaa kwenye akaunti yako tangu siku ya kwanza, mwulize sababu; kama hofu yake ni kutolipwa, mwonyeshe kile kifungu cha siku 5 na siku 3. Kama bado anakataa, mtafute mwingine kabla pesa haijatoka.